Kutoka "amechelewa" hadi "mchelewaji"

Kikao kilipangwa kuanza saa mbili kamili asubuhi. Saa mbili na dakika ishirini mlango unafunguliwa taratibu, mfanyakazi mwenzenu anaingia akiwa ameinamisha kichwa, anavuta kiti cha nyuma na kukaa. Haelezi kitu, maana mtu mwingine anazungumza. Nanyi hamumuulizi. Lakini kabla hata hajafungua daftari, wewe umeshasikiliza kesi na kutoa hukumu: huyu hajali.

Hebu tazama kilichotokea kwenye maneno. Ulichokiona ni "amechelewa". Hicho ni kitenzi, na kitenzi hubeba wakati wake: jambo limetokea, mara moja, kwenye kikao hiki. Ulichohitimisha ni "mchelewaji". Hiyo ni nomino ya ngeli ya watu, na nomino haina wakati. Mchelewaji ni mchelewaji jana, leo na kesho, hata akiwa amelala. Katikati ya maneno hayo kuna neno la tatu, "huchelewa", ambalo angalau linadai ushahidi, kwa sababu huwezi kusema mtu huchelewa kama hujamwona akichelewa mara kadhaa. Neno hilo umeliruka. Umetoka kwenye tendo la asubuhi moja, ukatua kwenye utu mzima wa mtu.

Kuruka huko wanasaikolojia wamekupa jina: kosa la msingi la uhusishaji. Jina ni zito kuliko jambo lenyewe. Kuhusisha, kwa maana yao, ni kuunganisha tendo na chanzo chake, na vyanzo viko vya aina mbili. Kimoja kiko ndani ya mtu: tabia, nia, uwezo, anachopenda. Kingine kiko nje yake: barabara, saa, amri ya mkubwa, ugonjwa wa mtoto, wajibu aliopewa. Kosa ni kuupa upande wa ndani uzito unaozidi stahili yake na kuupunja upande wa nje. Mwanasaikolojia Lee Ross wa Chuo Kikuu cha Stanford ndiye aliyelibatiza jina hilo mwaka 1977, ingawa wazo lilikuwa limeshaonekana kabla yake.

Naomba tuelewane mapema juu ya jambo moja, kwa sababu makala nyingi hulipindisha. Kosa hili halisemi kwamba tabia haipo, wala kwamba kila anayechelewa ana udhuru. Wachelewaji wapo. Tatizo ni kwamba ushahidi ulioutumia kumweka mwenzako kwenye kundi hilo ungetosha pia kumweka mtu mwingine yeyote, ukiwemo wewe.

Kunguni unaoonyeshwa

Mtu anaweza kuuliza: nitajuaje kuwa ni kosa? Labda kweli hajali. Katika maisha ya kawaida huwa hatuna jibu, ndiyo maana watafiti walilazimika kutengeneza hali ambayo jibu lake linajulikana.

Edward Jones na Victor Harris walichapisha jaribio la namna hiyo mwaka 1967. Wanafunzi wa chuo nchini Marekani walipewa insha kuhusu utawala wa Fidel Castro nchini Kuba. Insha nyingine zilimtetea, nyingine zilimpinga. Baada ya kusoma, kila mwanafunzi alitakiwa kukadiria msimamo halisi wa mwandishi kwenye kipimo cha kuanzia 10, yaani anampinga Castro kabisa, hadi 70, yaani anamuunga mkono kabisa. Wasomaji walioambiwa kuwa mwandishi alichagua upande wake mwenyewe walifanya kile unachotarajia: aliyetetea walimpa wastani wa karibu 60, aliyepinga karibu 17. Hapo hakuna ubishi.

Wasomaji wengine waliambiwa kitu tofauti. Mwandishi hakuchagua. Alipangiwa upande na akaandika alichoagizwa, kama mwanafunzi anavyopangiwa upande kwenye mdahalo. Ukiwa na taarifa hiyo, insha haikuambii chochote kuhusu moyo wa mwandishi, kwa hiyo makadirio ya makundi mawili yalipaswa kukaribiana sana. Hayakukaribiana. Aliyelazimishwa kutetea alipewa wastani wa 44 hivi, aliyelazimishwa kupinga 23 hivi. Pengo lilipungua lakini halikufa. Wasomaji walijua kwamba mwandishi alikuwa ameagizwa, na bado walimwona kama anayeamini alichoandika.

Mdadisi atasema labda insha ziliandikwa kwa ufundi kiasi kwamba msomaji alidhani mwandishi lazima ana chembe ya imani. Ni hoja halali, na watafiti wengine waliifuata. Katika baadhi ya majaribio yao, hata mwandishi alipoonekana hana ari na anayoyatetea, mwelekeo haukutoweka.

Methali inatuambia kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa kawaida tunaielewa hivi: ungewajua kunguni, usingemlaumu aliyekosa usingizi. Jaribio la insha linaongeza jambo lisilopendeza. Kunguni unaweza kuonyeshwa mmoja mmoja, ukahesabiwa, na bado ukasema huyu amekesha kwa sababu ni mtu wa wasiwasi. Kukosa taarifa ni sehemu moja ya tatizo. Sehemu nyingine ni kwamba taarifa tukiipata hatuitumii ipasavyo.

Dereva anayejaza kioo chako

Sasa tuingie barabarani, kwa sababu huko ndiko utaratibu wa ndani wa kosa hili unakoonekana vizuri zaidi.

Barabara ni ya njia moja kila upande, na mbele yako kuna gari linatembea nusu ya mwendo unaoruhusiwa. Huwezi kulipita. Neno la kwanza linalokujia halihusu gari wala barabara, linamhusu mtu: mzembe, mwoga, hajui kuendesha, ana lake. Jiulize kwa nini neno hilo linafika kabla ya mengine yote.

Fritz Heider, aliyeandika kuhusu mambo haya mwaka 1958, alieleza kwamba tendo la mtu huelekea kuujaza uwanja wote tunaoutazama, mpaka mazingira yanayolizunguka tendo yanapotea machoni. Kwa dereva huyu hilo si fumbo, ni jambo unaloweza kulipima kwa macho. Nyuma ya gari lake kumejaza kioo chako cha mbele. Vitu vinavyompunguzia mwendo viko mbele yake au ndani ya gari: trekta lililomtangulia, mashimo, taa ya onyo iliyowaka kwenye dashibodi, mgonjwa aliyelazwa kiti cha nyuma, mzigo wa vioo usiotakiwa kutikiswa. Gari lake lenyewe ndilo pazia linalokuficha sababu ya mwendo wake. Wewe unabaki unamtazama yeye. Yeye anatazama barabara.

Macho peke yake hayatoshi kueleza, hata hivyo. Daniel Gilbert na wenzake, Brett Pelham na Douglas Krull, walionyesha mwaka 1988 kwamba akili haifanyi kazi hii kwa mkupuo mmoja. Kwanza unatambua tendo: anaendesha polepole. Kisha, karibu bila kujitahidi, unabandika tabia: ni mwoga. Hatua ya tatu ndiyo inayorekebisha: ngoja, labda kuna kitu mbele. Hatua mbili za mwanzo huja zenyewe. Ya tatu inataka nguvu ya akili, na akili ikiwa na shughuli nyingine, hiyo ndiyo inayoachwa.

Walilijaribu hivi. Watu walitazama vipande vya video isiyo na sauti, ikimwonyesha mwanamke akizungumza na mtu asiyemfahamu. Katika vipande vingi alionekana ana wasiwasi, hatulii. Maandishi kwenye skrini yalieleza mada aliyokuwa anazungumzia. Kundi moja lilionyeshwa mada zinazomtia wasiwasi mtu yeyote, kama vile siri zake za ndani au siku aliyodhalilika mbele za watu. Kundi jingine lilionyeshwa mada nyepesi, kama safari na mitindo ya mavazi. Mtazamaji mwenye nafasi ya kufikiri alifanya hesabu sahihi: kama anazungumzia siri zake, wasiwasi wake ni wa kawaida, na pengine kwa tabia si mtu wa wasiwasi. Kama anazungumzia mitindo ya nguo na bado anatetemeka, basi hapo kuna tabia.

Halafu baadhi ya watazamaji waliongezewa kazi: wakariri orodha ya mada kwa mpangilio wake. Hawa walizikumbuka mada vizuri, kwa kuwa ndizo walizokuwa wakizirudia kichwani. Lakini walipoulizwa juu ya mwanamke yule, mada hazikuwasaidia kitu. Walimwona ni mtu wa wasiwasi kiasi kilekile, azungumzie siri au safari. Maelezo ya hali yake yalikuwa mdomoni mwao kabisa, ila nguvu ya kuyatumia kurekebisha hukumu ilikuwa imekwenda kwenye kukariri.

Kuendesha gari ni kukariri kwa aina yake. Unatazama vioo, unapima nafasi ya kupita, unahesabu dakika ulizobakiza kufika. Hukumu juu ya dereva wa mbele inabaki kwenye hatua ya pili. Kisha unampita, unamtupia jicho, na hutamwona tena maishani. Hilo la mwisho nadhani halizungumzwi vya kutosha. Mwenzako wa kazini anaweza siku moja kukuambia kilichomchelewesha. Dereva hatakuambia kamwe. Kila hukumu ya barabarani hubaki bila kusahihishwa, na miaka inavyopita unakusanya wazembe wengi mno kichwani ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kujitetea.

Na wewe uliyebonyeza honi je? Ukiulizwa kwa nini, hutasema "mimi ni mtu mkali". Utasema ulikuwa na haraka. Kwa jumla una haki ya kusema hivyo, kwa sababu haraka ni moja ya hali za nje zenye nguvu ya ajabu. John Darley na Daniel Batson waliipima katika utafiti waliouchapisha mwaka 1973 kwa wanafunzi 40 wa seminari ya Princeton. Kila mmoja alitumwa kwenye jengo la jirani kutoa hotuba fupi. Baadhi yao walikwenda kuhutubia kuhusu mfano wa Msamaria Mwema. Njiani walimkuta mtu amejikunyata mlangoni, akikohoa na kuguna. Wale walioambiwa wana muda wa kutosha, asilimia 63 walisimama kusaidia. Walioambiwa wanasubiriwa wasichelewe, asilimia 45. Walioambiwa tayari wamechelewa, asilimia 10. Maswali waliyojibu awali kuhusu aina ya dini yao hayakusaidia kutabiri nani angesimama na nani angepita. Mtazamaji aliyekaa dirishani asingeiona haraka ile, maana haionekani kwa macho. Angeona tu mseminari akimpita mgonjwa, naye angekuwa na neno la ngeli ya watu tayari.

Watu hupenda kumalizia hapa kwa kanuni nyepesi: wengine tunawaeleza kwa tabia zao, sisi wenyewe tunajieleza kwa hali. Ndivyo ilivyofundishwa kwa miaka mingi. Mwaka 2006 Bertram Malle alikusanya matokeo ya tafiti 173 na kukuta kwamba tofauti hiyo, ukichukua matendo yote kwa pamoja, ni ndogo mno hadi karibu na sifuri. Inajitokeza kwenye mabaya. Tukikosea, tunataja hali. Wengine wakikosea, tunataja tabia yao. Kwenye mazuri mambo hugeuka, maana aliyefaulu hana haja ya kulaumu barabara. Nyani haoni kundule, lakini mkia wake mzuri anauona.

Kurudi kwenye kikao

Mwenzako wa kazini ana faida ambayo dereva hana: unamwona tena na tena. Basi unaweza kufanya uchunguzi wa kweli, na Harold Kelley alishaeleza mwaka 1967 ni maswali gani ya kuuliza. Je, wengine nao hufanya hivyo katika hali hiyo? Je, mtu huyu hufanya hivyo katika hali nyingine pia? Je, hurudia kila hali hiyo inapojitokeza? Kwa maelezo haya yanaonekana kama mambo ya darasani, kwa hiyo tuyatie kwenye mfano.

Tuseme mna vikao viwili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, vyote saa mbili asubuhi, na umeamua kupitia kumbukumbu za wiki kumi zilizopita. Umeulizwa kabla ya kufungua, ukasema "huyu kila mara anachelewa". Kumbukumbu zinaonyesha amechelewa mara sita kati ya vikao ishirini. Jambo la kwanza limeshajulikana: "kila mara" ilikuwa mara sita. Zile mara kumi na nne alizowahi hazikuacha alama, kwa sababu mtu anayeingia kwa wakati hafungui mlango katikati ya mazungumzo.

Sasa tazama zimeangukia wapi. Zote sita ni Jumatatu. Alhamisi hajachelewa hata mara moja. Hilo ni jibu la swali la pili, na ni kubwa. Mtu asiyejali muda asingeujali siku zote mbili. Tabia haina kalenda. Endelea na swali la kwanza. Katika zile Jumatatu sita, nani mwingine alichelewa? Unakuta mtu mmoja, naye ni wa kitengo kilekile, alichelewa mara tano katika hizo sita. Hapa sababu imeanza kujionyesha yenyewe. Unauliza kwenye kitengo chao, unaambiwa kwamba kila Jumatatu saa moja na nusu wana simu ya kutoa taarifa za wiki, na simu hiyo haina mwenye ujasiri wa kuikata. Mchelewaji wako ni ratiba mbili zilizogongana.

Lakini nisikupe mfano wa upande mmoja. Tuseme kumbukumbu zingesema tofauti: mara sita zimetawanyika, tatu Jumatatu na tatu Alhamisi, wengine wote walikuwepo, na ukimuuliza msimamizi wa kazi nyingine anayofanya, anakuambia huko pia hivyohivyo. Wengine hawafanyi, yeye hufanya kila mahali, na hurudia. Hapo Kelley mwenyewe angekuruhusu kusema sababu iko ndani ya mtu. Umefika kwenye "huchelewa" kwa miguu yako. Kuendelea kumtafutia udhuru kungekuwa kosa la aina nyingine.

Hata hivyo kuna kuruka kwa pili, na mameneja wazuri hunaswa hapa baada ya kuepuka kule kwa kwanza. Kujua kwamba sababu iko ndani si kujua ni sababu gani. "Hajali" ni moja tu. Kuna mtu anayekadiria vibaya muda: anaamini kwa dhati kuwa safari ya dakika arobaini ni ya dakika ishirini na tano, na huamini hivyo upya kila asubuhi. Kuna asiyeweza kuacha kazi aliyoianza. Kuna anayeogopa kufika mapema akakaa na watu bila la kuongea. Wote huchelewa, na kumbukumbu zao za mahudhurio zitafanana. Aliyekadiria vibaya ukimhubiria heshima ya muda atakuitikia kwa moyo wote, na wiki ijayo atachelewa, nawe utaona ndiyo uthibitisho wa dharau. Ishara ya kukuonya ni pale kila jambo jipya linapoingia kwenye hukumu ya zamani bila kuitikisa: akichelewa, hajali, akiwahi, leo ameogopa.

Jirani mkimya

Nimemwacha jirani mwisho kwa sababu ndiye mgumu kuliko wote.

Dereva ulimwona mara moja. Mwenzako ulimwona mara nyingi katika hali tofauti. Jirani unamwona mara nyingi katika hali moja. Kila siku ni pale pale, mlangoni au kwenye ngazi, yeye anatoka au anaingia, mikono ina vitu, mnasalimiana kwa nusu sentensi na mlango wake unafungwa. Miaka miwili ya hivyo. Ukitumia maswali ya Kelley utajiona una ushahidi mzito, maana hurudia kwa uaminifu kabisa: ni kimya leo, alikuwa kimya jana, alikuwa kimya mwaka jana. Swali la pili tu ndilo huna jibu lake, na hujui kuwa huna. Hujawahi kumwona akiwa na ndugu zake, akiwa kazini, akiwa na rafiki wa utotoni. Unayemjua ni mtu wa ngazini. Marudio mia saba ya hali ileile hayakupi taarifa zaidi juu ya hali nyingine, ila yanakupa uhakika zaidi, na uhakika huo ndio unaopotosha.

Pia ukimya ni tendo la ajabu, kwa kuwa hauna umbo. Kuchelewa ni kuchelewa. Kimya unaweza kukijaza kwa chochote: anaringa, ana huzuni, ana jambo analificha, ana hekima. Lugha yetu haitusaidii hapa. Tuna kimya kingi chenye mshindo mkuu na tuna simba mwenda kimya mla nyama, kwa hiyo mtu asiyesema hatumwachi awe tu mtu asiyesema. Kumbuka yule mwanamke wa video isiyo na sauti: watazamaji waliokuwa na shughuli walimpa tabia moja haraka, na angalau wao walikuwa na mada kwenye skrini. Jirani hana maandishi chini yake.

Watu hawalijazi pengo hilo kwa namna moja kila mahali. Joan Miller, katika utafiti uliotoka mwaka 1984, aliwaomba watu wa Marekani na wa India waeleze matendo ya watu waliowafahamu. Watu wazima wa Marekani walitaja zaidi tabia za mtendaji, wale wa India walitaja zaidi mazingira na mahusiano yake. Kati ya watoto wadogo tofauti hiyo ilikuwa ndogo. Ilipanuka kadiri umri ulivyopanda. Neno "msingi" kwenye jina la kosa lina ubishi wake, basi. Kubandika tabia kwa haraka ni jambo ambalo mtu pia hukua akijifunza.

Lakini kinachomfanya jirani awe mgumu kweli ni kitu kimoja katika ile hali moja unayomwonea. Orodhesha vilivyomo: ngazi, saa ya jioni, uchovu, mizigo mikononi, na wewe. Wewe upo kila mara. Hakuna hata siku moja uliyomwona jirani ambayo wewe hukuwepo. Kama ukimya wake unatokana na namna unavyomtazama, au namna ulivyomjibu siku ya kwanza ukiwa na simu sikioni, hakuna kumbukumbu itakayokuonyesha, kwa sababu huna siku ya kulinganisha. Tena hukumu yenyewe inaingia kwenye hali. Ukishaamua kwamba hapendi watu, unafupisha salamu ili usimsumbue. Yeye anaiona salamu iliyofupishwa. Anafupisha yake. Wewe unaona umethibitishiwa.

Mimi nilikuwa na jirani wa namna hiyo kwa karibu miaka mitatu. Nilimheshimu kwa kumwacha: nikisikia mlango wake unafunguliwa, nilikuwa nangoja ashuke kwanza ndipo nitoke. Siku moja mwanawe mdogo alinikuta nimekaa kwenye ngazi nikisubiri fundi, akakaa kando yangu na kuanza kunieleza habari za shule, ndefu, bila kituo. Mama yake akatoka mbio, akamshika mkono. "Nimekuambia usimsumbue huyu," alimwambia kwa sauti ya chini. "Yeye ni mkimya, hapendi watu."